Nilifutwa kazi getini bila kusikizwa. Nina haki gani?

SWALI: Wakili, nimekuwa mtunza stoo Mombasa kwa miaka minne, mshahara Sh45,000. Tarehe 14 mifuko ya unga ilipatikana imepungua, nikaambiwa niandike taarifa. Jioni hiyo hiyo askari wa getini akanipa barua: nimefutwa kwa kosa kubwa, niache funguo. Meneja anadai taarifa ile ndiyo niliyojitetea nayo. Sasa wanataka nitie sahihi karatasi ya kuwa sina madai, ndipo nipewe hundi. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu yangu, hiyo karatasi usiitie sahihi bado. Nitaeleza sababu yake mwishoni, kwa kuwa kwanza kuna jambo ambalo meneja wako amelichanganya.

Katika Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, mwajiri anayemwachisha mtu kazi hupimwa mara mbili: alikuwa na sababu ya haki, na je, alifuata utaratibu wa haki? Akianguka kwenye moja tu, kuachishwa huko si kwa haki.

Kuhusu sababu, usijipe matumaini kupita kiasi. Kifungu cha 43 hakimtaki athibitishe wizi kama polisi wanavyotakiwa kuuthibitisha. Kinamtaka aonyeshe sababu ambayo siku ile aliamini kwa dhati kwamba ipo, tena kwa misingi inayoeleweka. Kwa hivyo ikiwa hesabu ya stoo ilifanywa vizuri, na funguo ulikuwa nazo wewe peke yako, huenda akasikilizwa. Lakini kama madereva na wapakiaji pia huingia mle, basi atakuwa na kazi ya kueleza kwa nini alikuchagua wewe.

Nguvu yako iko kwenye utaratibu. Kifungu cha 41 kinasema kabla ya kukuachisha kwa utovu wa nidhamu, mwajiri akueleze kosa kwa lugha unayoielewa, huku ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama uliyemchagua mwenyewe, kisha akusikize wewe na huyo mwenzako. Watu wengi, hata mameneja, hudhani kosa kubwa linafuta hatua hii. Halifuti. Kifungu chenyewe kinataja waziwazi hata anayefutwa papo hapo.

Je, taarifa uliyoandika ndiyo kusikizwa? Itazame ilivyokuwa. Uliulizwa unachokijua kuhusu unga. Hukuambiwa kwamba unashtakiwa, wala kwamba kazi yako iko hatarini, na hukuwa na mtu wa kukaa nawe. Huo ni uchunguzi. Baada yake ndipo ingefuata barua ya kukutaka ujieleze, muda wa kutosha wa kujiandaa, kikao, na uamuzi. Kwako, barua ya kukufuta ilitoka siku ile ile, na saa zilizoandikwa kwenye karatasi hizo mbili zikikaribiana, zitakutetea kuliko maneno mengi. Tafuta nakala ya taarifa, na barua iweke mahali salama, kwa sababu ni wewe unayeanza kuonyesha kwamba uliachishwa isivyo haki, kisha mwajiri ndiye atoe sababu zake.

Tuje kwenye pesa. Mshahara wa siku 14 ulizofanya kazi ni Sh21,000, na huo ni wako hata kama ungekuwa umeiba kweli. Siku za likizo ulizozichuma bila kuzichukua nazo hulipwa. Mahakama ikiona hukufutwa kwa haki, mshahara wa mwezi mmoja wa notisi huongezwa, Sh45,000. Juu yake kuna fidia, ambayo mwisho wake ni mishahara ya miezi 12, yaani Sh540,000. Sikuahidi kiasi hicho. Huo ni ukomo, na ikibainika kwamba sababu ilikuwepo ila utaratibu ndio uliokosekana, mara nyingi hutolewa miezi michache tu. Malipo ya utumishi ya kila mwaka usiyadai kama ulikuwa unakatwa NSSF, maana sheria inakutoa hapo. Nimeona watu wakiyang'ang'ania hadi madai yao mengine yanatiliwa shaka.

Unaweza kwenda kwa afisa wa leba ndani ya miezi mitatu tangu ufutwe. Kortini una miaka mitatu, na kwa mshahara wako usiozidi Sh80,000 kesi inaweza kusikizwa na hakimu.

Sasa ile karatasi. Mahakama zetu huitazama kama mkataba: mtu aliyesoma, akaelewa na akasaini kwa hiari yake kwamba amelipwa kila kitu, huenda akafungiwa mlango. Mwandikie meneja kwamba unapokea Sh21,000 na malipo ya likizo kwa kuwa ni haki yako, na kwamba madai mengine bado yapo. Akikataa kutoa hundi bila sahihi, mwombe akuandikie hivyo. Hata ujumbe wa simu unatosha. Upeleke kwa afisa wa leba pamoja na barua ya getini.