Soketi ya tundu 16 isikudanganye

"Nina Toyota Noah ya 2003 iliyotoka Japani, taa ya injini inawaka. Nimenunua kifaa cha blututhi cha kusomea makosa ya gari kwenye simu, ELM327. Kikichomekwa kwenye soketi ya gari kinawaka, ila simu inaandika `UNABLE TO CONNECT`. Fundi anasema kontroboksi imekufa, mwingine ananiambia ninunue kebo ya kugeuzia. Nifuate lipi?"

Usifuate lolote kati ya hayo. Injini inayowaka na kutembea ina kontroboksi hai, maana ndiyo inayoamuru petroli na plagi. Anayetaka kuibadilisha kwa sababu simu haikusoma anakuuzia kontroboksi, basi.

Kifaa chako kuwaka hakuthibitishi kitu. Umeme kinaupata tundu la 16, ambalo lina betri muda wote, na ethi iko la 4. Mazungumzo yanapita kwingine: magari mapya hutumia la 6 na la 14, ya zamani kama lako hutumia la 7. Mulika soketi kwa tochi, upande mpana ukiwa juu: safu ya juu ni 1 hadi 8 kutoka kushoto, ya chini 9 hadi 16. La 6 na la 14 yakiwa hayana chuma ndani, hakuna kebo itakayoyajaza.

Hapo ndipo watu wanaponichosha. Wanaona umbo la soketi ni lile lile, wanaamini kila kifaa kitasoma. Marekani ililazimisha utaratibu wa pamoja mwaka 1996, lakini gari la soko la ndani la Japani la miaka hiyo lilipewa soketi ile ile huku kompyuta yake ikijibu kwa utaratibu wa kiwanda. Kebo ya kugeuzia huunganisha waya kwa waya, haitafsiri chochote.

Kabla ya kununua kitu, zima swichi, unganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande cha waya, kisha washa swichi bila kupiga stata. Taa ya injini itapepesa. Za breki na eabegi zinaweza kupepesa pia, ziache. Ikipepesa mara tatu, ikatulia, kisha mara moja, hiyo ni 31: sakiti ya sensa ya hewa inayoingia. Ikipepesa haraka bila kukatika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Hesabu matundu mara mbili, maana ukigusa la 16 na la 4 unaunguza fyuzi.

Ukitaka kusoma zaidi ya namba, tafuta mashine yenye menyu ya Toyota za soko la Japani, na uijaribu kwenye gari lako kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa, ondoka. Wala usimruhusu mtu afute makosa kabla hujayaandika. Wengi hufuta, taa ikazima, wakapokea hela yao, na wiki ijayo mwenye gari yuko barabarani na taa ile ile.