Kulabu za gundi zinaachia dari, ilhali nyota ni za karatasi tu

Swali: Niko Tanga. Sebuleni nimebandika kulabu mbili za gundi kwenye dari ya jipsamu, moja huku na moja kule, kama mita 4 hivi. Katikati nimevuta uzi wa pamba, nikaukaza usilegee, nikaning'iniza nyota 12 za karatasi. Paketi inasema kila kulabu inabeba kilo moja, lakini siku ya pili zote chini. Ni unyevu wa masika au kulabu feki?

Jibu: Unyevu umechangia, ila kosa la kwanza ni kukaza uzi. Tuseme kila nyota ina gramu 5, basi zote 12 ni gramu 60. Uzi wa mita 4 ukiukaza mpaka katikati ushuke sentimita 2 tu, kila kulabu inavutwa kwa nguvu ya kama kilo moja na nusu. Ukiulegeza ushuke sentimita 20, mvuto unabaki gramu 150 hivi. Mzigo ni uleule. Kilichobadilika ni mkao wa uzi. Tena mvuto huo unakwenda upande, na ncha ya kulabu imechomoza chini ya dari, kwa hiyo inafanya kazi ya wenzo: inabetua kitako na kuanza kukibandua ukingoni. Ile kilo moja ya paketi kwa kawaida ni ya ukutani, mzigo ukining'inia sambamba na ukuta. Darini usiitegemee.

Achana na uzi wa kukatiza. Kila nyota ipe kulabu yake ndogo na uzi wake unaoshuka wima. Gramu 5 kwa kulabu ni mzigo mdogo sana, na kinachobaki kuangalia ni dari yenyewe.

Kabla ya kununua nyingine, geuza zilizoanguka uangalie mgongo. Gundi ikiwa na unga mweupe, rangi ya dari inatoa unga na gundi ilishika vumbi. Ikitoka na ganda zima la rangi, rangi haikushikana na jipsamu, na hakuna gundi itakayokusaidia mahali hapo. Mgongo ukiwa safi, unang'aa na bado unanata, ulibandika juu ya unyevu au mafuta, au hukukandamiza vya kutosha. Sponji ya gundi ikichanika, nusu ikabaki juu na nusu kwenye kulabu, basi gundi ilishika vizuri na mvuto ndio uliozidi.

Kwenye dari ya unga, pangusa kwa kitambaa kikavu, kisha jaribu kwa kipande cha selotepu: kibandike, kikandamize, kibandue. Kikitoka na unga hata baada ya kupangusa mara mbili, acha gundi. Funga nyuzi kwenye mbao za pembeni mwa dari kwa pini za kubania karatasi ubaoni.

Dari ikifaulu, subiri siku isiyo na mvua, saa nne au tano asubuhi, madirisha yakiwa wazi. Usibandike alfajiri wala baada ya kupiga deki, maana mvuke unatanda darini hata kama huuoni. Lowesha pamba kidogo kwa spiriti ya duka la dawa, pangusa mara moja bila kusugua (ukisugua, rangi ya maji inalainika), uache dakika 10. Sabuni usitumie, inaacha utando. Bandika, kandamiza kwa dole gumba sekunde 30, uanzie katikati kwenda kingoni ili hewa itoke. Halafu usitundike kitu mpaka kesho yake saa ileile. Wengi wanaharibu hapa: gundi inaonekana imeshika palepale, kumbe inaendelea kujikita kwenye vitundu vya rangi kwa saa nyingi. Dari iliyopakwa rangi juzi isiguswe kwanza. Kwa hewa ya pwani wakati wa masika ipe wiki tatu au nne.

Uzi wa pamba unafyonza unyevu, unajisokota na kujisokotoa, ndiyo maana nyota huzunguka zenyewe usiku. Tumia uzi wa kushonea wa poliesta. Mshipi mwembamba wa kuvulia hauonekani kirahisi, ila ni utelezi: fundo la kawaida linafunguka lenyewe taratibu. Pitisha ncha mara mbili kwenye kitundu, izungushe kwenye mshipi mara tano, irudishe ndani ya vitanzi viwili vilivyo kwenye kitundu, lowesha kwa mate ndipo ukaze, na uache mkia wa sentimita moja.

Nyota ziwe angalau mita moja kutoka ncha za feni. Upepo wake hauongezi uzito, lakini unatikisa kulabu usiku kucha.

Siku ya kutoa kulabu, zile zenye mkia wa kuvuta uvute polepole sambamba na dari. Ukivuta kuelekea chini, utashuka na rangi.