Kwenye mkataba wa ufadhili wa masomo, tafuta kwanza siku ya kuanza kuhesabu

Kwa miaka kadhaa rejesta yetu ya ofisi ya mafunzo ilikuwa na safu moja tu ya bondi, yaani muda ambao mtumishi aliyefadhiliwa lazima amtumikie mwajiri: idadi ya miezi. Niliijaza mwenyewe, na ndiyo iliyoniponza.

Mtumishi mmoja alifadhiliwa kusoma miezi 24 kuanzia 1 Juni 2018. Mkataba ulisema atamtumikia mwajiri "kwa kipindi cha mara moja na nusu ya muda wa masomo, kuanzia tarehe ya kuripoti kazini". Nikapiga hesabu, nikaandika 36. Baadaye aliongezewa miezi 6 kwa barua, akamaliza 30 Novemba 2020. Nilihesabu miezi 36 toka siku hiyo, nikaandika kwamba bondi inaisha 30 Novemba 2023. Siku hiyohiyo akaacha kazi, na mimi nilikuwa nimeshamwambia kwamba hadaiwi kitu.

Mkaguzi alipoomba jalada, nilisoma upya. Kwa kuwa muda wa masomo ulifika miezi 30, bondi ilikuwa 45. Barua ya kuripoti ilionyesha 1 Machi 2021, maana alikaa miezi mitatu akisubiri matokeo. Tangu hapo hadi kuondoka ni miezi 33, lakini humo mlikuwa na miezi 4 ya likizo bila malipo, na kifungu kingine kilisema likizo ya namna hiyo haihesabiki. Alikuwa ametumikia miezi 29, ilibaki 16. Niliumia sana kumpigia simu mtu niliyemwambia yuko huru.

Siku hizi sinakili namba bila sentensi yake. Naandika maneno ya mkataba kama yalivyo pamoja na namba ya kifungu, kisha pembeni naweka tukio linaloanzisha hesabu na barua inayolithibitisha. Kama barua ya kuripoti haimo kwenye jalada, tarehe ya mwisho naiacha wazi. Nafasi tupu humfanya mtu aulize. Tarehe ya kukisia huaminiwa. Na kila barua ya nyongeza inapoingia, hesabu inarudiwa.

Upande wa marejesho, swali ni sehemu gani ya gharama inadaiwa, na gharama ni zipi. Mkataba wa mtumishi yule ulitaka uwiano wa miezi iliyobaki, yaani 16 kwa 45 ya ada na nauli. Mshahara aliolipwa akiwa masomoni haukutajwa, kwa hiyo haukuingizwa. Mikataba mingine huutaja, tena ndani ya kiambatisho, na hapo deni hukua mno. Angalia pia kifungu cha kuacha masomo au kufeli: mara nyingi hicho hudai gharama yote bila uwiano, kwa hiyo kipe safu yake.

Wajibu wa utumishi nao usiufupishe. "Kumtumikia mwajiri" si sawa na "kutumikia katika idara iliyomfadhili". Kwa maneno ya pili, uhamisho wa ndani unaweza kuzua swali kama miezi inaendelea kuhesabiwa, na jibu lake litoke kwa mwanasheria kabla barua ya uhamisho haijasainiwa.