Goti hukunjwa au hukunjika? Miguu katika mtindo huru na mtindo wa chura

Swali: "Nafundisha kuogelea na maelekezo yangu nayaandika kwa Kiswahili. Kwa mtindo huru na kwa mtindo wa chura, kote nimeandika 'kunja goti, piga teke'. Wa chura wananielewa kiasi, ila wa mtindo huru wanakunja magoti mno na hawasogei. Niandikeje?"

Jibu: Mwalimu, kitenzi "kunja" kiache kwenye chura. Kwa mtindo huru tumia kauli ya kutendeka: goti "likunjike". Huko mwogeleaji halikunji goti lake. Maji ndiyo yanayolikunja.

Tazama mguu mmoja wa mtindo huru unavyoshuka, mwogeleaji akiwa kifudifudi. Mwendo unaanzia kwenye nyonga. Misuli inayopita mbele ya nyonga hulishusha paja, na wakati huohuo maji yanausukuma muundi na unyayo kwenda juu, basi goti lililolegezwa linakunjika kidogo. Hapo misuli mikubwa ya mbele ya paja hulinyoosha goti kwa nguvu, na pigo linaishia kwenye unyayo ulionyooshwa kuelekea nyuma. Mguu unapopanda, misuli ya matako na ya nyuma ya paja huunyanyua mzima mzima. Sasa maji yanaukandamiza kutoka juu, na goti linabaki limenyooka bila kuamriwa.

Mwanafunzi aliyesoma "kunja goti" hufanya kazi nyingine kabisa. Anatumia misuli ya nyuma ya paja kuvuta kisigino kuelekea matakoni, na paja linaning'inia mbele chini ya tumbo kama la mtu anayekanyaga baiskeli. Paja hilo linakinga maji anayotaka kuyapita. Mpe ubao aushike mbele, kisha simama pembeni: utaona miundi ikitokeza juu ya maji na magoti yakizama, naye yuko palepale. Kama vifundo vyake navyo ni vigumu na nyayo zimeelekea chini, anaweza hata kurudi nyuma, kwa kuwa anasukuma maji upande anakokwenda. Mwandikie hivi: "Anzia nyongani. Legeza goti likunjike lenyewe. Nyoosha nyayo. Miguu ipishane." Mimi ningeondoa "teke" pia na kuandika "pigapiga miguu", maana neno lililorudiwa huonyesha mapigo madogo yanayofuatana, ilhali teke ni moja na kubwa.

Kwenye chura, "kunja" ni sahihi kwa sababu mwogeleaji hulikunja goti mwenyewe. Misuli ya nyuma ya paja huleta visigino karibu na matako, miguu yote miwili kwa pamoja. Kinachokosekana katika maelekezo yako ni hatua inayofuata, nayo ndiyo inayobeba mtindo wote: kugeuza nyayo. Misuli ya mbele ya muundi huvuta vidole vya miguu kuelekea muundini, na ile ya ubavuni mwake hugeuza nyayo nje. Sasa upande wa ndani wa wayo na wa muundi unayakabili maji yaliyo nyuma. Ndipo misuli ya mbele ya paja hunyoosha goti, matako na nyuma ya paja hunyoosha nyonga, na misuli ya ndani ya mapaja huibana miguu ikutane. Kwa hiyo kitenzi cha hapa ni "sukuma", kikifuatwa na "bana".

Jihadhari na "tanua magoti", ambayo naiona mara nyingi. Kinachotakiwa kutanuka ni visigino, vipite nje ya magoti. Ili hilo liwezekane, paja lazima lizungukie ndani kwenye kiungo cha nyonga. Nyonga ikiwa ngumu, goti ndilo linalolipa: muundi unalazimishwa kwenda nje, na kano ya upande wa ndani wa goti inavutwa kila msukumo. Mwogeleaji akilalamika maumivu upande huohuo wa ndani, mpunguzie upana wa visigino na idadi ya misukumo kabla ya kumtaka aongeze nguvu. Maumivu yasipoisha, aonane na daktari.

Andika basi: "Kunja magoti, lete visigino matakoni. Geuza nyayo nje. Sukuma nyuma, kisha bana miguu." Sentensi ya pili usiifupishe wala kuiunganisha na ya kwanza. Kanuni za mashindano za World Aquatics zinataka nyayo ziwe zimegeuzwa nje wakati wa msukumo, na mwogeleaji ambaye unyayo mmoja umegeuka huku mwingine umenyooka anaweza kuondolewa. Kosa hilo utalitambua ukisimama nyuma yake: wayo mmoja unakuonyesha upande wa ndani, mwingine unakuonyesha ngozi ya juu.