Chupa ya elfu sita ikifika Mwanjelwa

Wengi mnaoanza kuagiza China mnaangalia bei ya kipande. Kwa chupa za chai, ambazo soko la Mwanjelwa hapa Mbeya hutoka sana baridi ya Juni na Julai, bei hiyo haifiki hata nusu ya hesabu. Kinachokula pesa ni ukubwa wa katoni.

Muulize muuzaji vipimo vya katoni kabla hujalipa. Tuseme katoni ina chupa 12 na vipimo vyake ni sentimita 50 kwa 38 kwa 35. Zidisha mita: 0.50 × 0.38 × 0.35 = 0.0665. Hizo ni mita za ujazo, ambazo mawakala huziita CBM. Katoni 10 ni CBM 0.665. Wakala wa meli akitoza milioni moja kwa CBM, na ushuru ukiwemo, unalipa 665,000. Chupa 120 kwa 6,000 ni 720,000. Ongeza 40,000 za kutoa mzigo kiwandani hadi ghala la wakala, 30,000 za kutuma pesa, na 80,000 za lori kutoka Dar. Jumla ni 1,535,000, yaani karibu 12,800 kwa chupa.

Bado hujamaliza. Chupa hizi zina kioo ndani, na barabara ya mlima Kitonga, njiani kutoka Dar, haina huruma. Zikivunjika 6, gharama unaigawa kwa 114, na kila moja inakuwa karibu 13,500. Ukipokea mzigo, tikisa kila chupa sikioni: ikilia kama mchanga, kioo kimekwenda. Fanya hivyo hapohapo, dereva akiwepo.

Kuhusu ushuru, muulize wakala waziwazi kama umo kwenye bei yake, na akupe risiti. Mizigo ya kuchangia kontena mara nyingi hutolewa kwa jina lake, kwa hiyo risiti hiyo ndiyo utakayoionyesha TRA wakiuliza mzigo umetoka wapi. Ukitoa mwenyewe, bidhaa nyingi zilizokamilika hutozwa 25% ya thamani pamoja na nauli na bima, kisha VAT ya 18% juu ya thamani na ushuru huo kwa pamoja. Ndiyo maana hupati 43% bali 47.5%, na tozo ndogondogo hazijaingia.

Sasa muda. Mzigo husubiri kontena lijae, husafiri, kisha husubiri kutolewa bandarini. Mimi huhesabu miezi mitatu, na anayekuahidi siku 30 nadhani anahesabu meli peke yake. Mwaka mpya wa Kichina huangukia kati ya mwisho wa Januari na Februari, na viwanda hufungwa kwa wiki kadhaa. Ukilipa Januari katikati bila kuuliza, oda inaweza kulala mpaka Machi. Muulize muuzaji tarehe ya mwisho ya kupakia kabla ya likizo. Akishindwa kuitaja, subiri wafungue na ulipe mara moja, maana chupa zikifika Agosti baridi imeshaanza kulegea na wateja wa Mwanjelwa wameshanunua kwa mwenzako.