Tumbo limejaa, ng'ombe anakonda: kwa afisa mifugo anayeanza kazi

Kiangazi kikikolea, utaitwa kumwona ng'ombe anayekula mabua ya mahindi kutwa nzima na bado mbavu zake zinahesabika. Mwenye mifugo atakuambia ni minyoo. Huenda anayo, lakini kabla hujafungua boksi la dawa, uliza anapewa nini pamoja na mabua. Ukijibiwa "mabua tu", fikiria kwanza rumeni, lile tumbo kubwa la kwanza.

Ng'ombe mwenyewe hawezi kumeng'enya bua. Nyuzi zake ni selulosi, yaani sukari zilizoshikamana kwa namna ambayo kimeng'enya cha ng'ombe, cha nguruwe wala cha binadamu hakiwezi kuzitenganisha. Wenye uwezo huo ni vijidudu: bakteria, kuvu na protozoa wanaoishi ndani ya rumeni, mahali penye joto la nyuzi 39 hivi na pasipo hewa ya oksijeni. Wanaivunja selulosi ili wapate nguvu yao, na kinachobaki ni asidi, hasa asidi ya siki. Asidi hizo hupenya ukuta wa rumeni na kuingia kwenye damu, na humo ndimo ng'ombe anapopata sehemu kubwa ya nguvu zake. Gesi inayotokana na kazi hiyo anaibeua. Kucheua kunasaidia kwa njia mbili: kunasagasaga nyuzi ili vijidudu wapate pa kushika, na kunatiririsha mate mengi yenye magadi yanayopunguza ukali wa asidi.

Lakini vijidudu hao nao ni chakula. Kila wakati baadhi yao husukumwa mbele hadi tumbo la nne na utumbo mwembamba, humeng'enywa, na miili yao inakuwa protini ya ng'ombe. Hapa ndipo anapompita punda. Punda naye ana vijidudu wa kuvunja nyuzi, ila wanakaa kwenye utumbo mpana, baada ya utumbo mwembamba, kwa hiyo protini ya miili yao kwa sehemu kubwa huishia kwenye kinyesi.

Sasa rudi kwa yule ng'ombe wa mabua. Ili vijidudu waongezeke wanahitaji naitrojeni, na bua kavu lina protini ghafi ya asilimia 4 hivi tu. Lishe ikishuka chini ya asilimia 7, vijidudu wanapungua na nyuzi zinachelewa kuvunjika. Rumeni inabaki imejaa, na ng'ombe aliyejaa hawezi kula zaidi. Ndiyo maana tumbo ni kubwa na mwili unaisha.

Piga hesabu hii mbele ya mfugaji. Ng'ombe wa kilo 300 anayekula kilo 6 za mabua makavu kwa siku anapata gramu 240 za protini, wakati asilimia 7 ya kilo 6 ni gramu 420. Toa kilo moja ya mabua, weka badala yake kilo moja ya majani makavu ya lusina yenye protini ya asilimia 22 hivi. Mabua kilo 5 yanatoa gramu 200, lusina gramu 220, jumla 420. Majani mabichi yatahitajika kama kilo 3 hadi 4, kwa kuwa yana maji mengi. Mashudu ya alizeti yanafanya kazi hiyohiyo. Lusina isizidi theluthi moja ya chakula, maana ina mimosini, ambayo ni sumu ikiwa nyingi.

Ukirudi baadaye, tazama hori kwanza: mabua yanayobaki yapungue. Kinyesi kilichokuwa kigumu, chenye vipande virefu vya nyuzi, kilainike. Kandamiza ngumi kwenye ubavu wa kushoto nyuma ya mbavu; rumeni yenye afya hujikunja mara moja hadi mbili kwa dakika. Usitegemee miujiza, kwani lignini iliyomo kwenye bua gumu haivunjwi na vijidudu wa rumeni.

Wafugaji wengi hujaribu kumaliza tatizo kwa pumba nyingi au unga wa mahindi. Wanga huchacha haraka, asidi inazidi nguvu ya mate, na wanaoumia kwanza ni wale bakteria wa selulosi. Ng'ombe anaacha kucheua na anaharisha, na akila unga mwingi kwa mkupuo anaweza kufa.

Mtu akikuuliza kuhusu yurea, mwambie ukweli wote. Bakteria wanaweza kutengeneza protini kutokana na amonia ya yurea. Mwanakemia wa Ufini, Artturi Virtanen, alionyesha mwaka 1966 kwamba ng'ombe waliolishwa chakula kisicho na protini, wakapewa yurea na chumvi za amonia, waliendelea kutoa maziwa. Ila yurea nyingi kwa mara moja inageuka amonia haraka kuliko bakteria wanavyoweza kuitumia, na mnyama anaweza kutetemeka, kuvimba tumbo na kufa siku hiyohiyo. Mfugaji asiiweke kamwe kwenye maji ya kunywa, na asimpe ndama ambaye rumeni yake haijakomaa. Kwa mfugaji asiye na mizani, mimi humshauri abaki na lusina.