Jipu la njia ya haja kubwa na kitundu kisichofunga: majibu ya maswali yenu

Nina uvimbe pembeni mwa njia ya haja kubwa, leo siku ya nne. Unapwita usiku kucha, siwezi kukaa. Jirani anasema ni bawasiri.

Sidhani. Bawasiri damu ikiganda ndani yake huuma sana, lakini baada ya siku mbili tatu maumivu huanza kushuka. Yako yanapanda, na hiyo ni tabia ya jipu.

Ndani ya njia ya haja kubwa, kama sentimita mbili kutoka nje, kuna vitezi vidogo vya ute. Kimoja kikiziba, bakteria wa kinyesi hunaswa humo na usaha hujikusanya, kisha hupenya katikati ya misuli ya kubana choo hadi chini ya ngozi. Pale usaha umefungiwa. Kila moyo unapopiga, damu inasukumwa kwenye nyama iliyokwisha jaa, nawe unasikia kupwita. Nenda hospitali leo. Usilitumbue wala usilikamue.

Duka la dawa wamenipa antibayotiki za wiki moja. Nimalize kwanza ndipo nipasuliwe?

Usisubiri. Dawa husafirishwa na damu, na katikati ya usaha hakuna mshipa wa damu. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba homa inashuka, mgonjwa anajiona amepona, huku usaha ukichimba kwenda upande mwingine. Dawa huongezwa juu ya upasuaji kwa mwenye kisukari, mwenye kinga dhaifu, au aliye na homa na wekundu uliotambaa. Haziwi badala yake.

Upasuaji wenyewe ni mfupi. Jipu dogo linaweza kupasuliwa kwa ganzi ya pale pale, ingawa penye usaha ganzi hushika vibaya. La ndani huhitaji nusu kaputi. Kidonda hakishonwi, kwa sababu ukishona umefungia usaha upya. Wengi hupata usingizi usiku uleule.

Ngozi ikigeuka nyeusi, au maumivu yakisambaa haraka kuelekea sehemu za siri, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo, hasa kwa mwenye kisukari.

Mimi ni dereva wa bodaboda. Jipu lilipasuliwa mwaka jana likapona. Sasa kuna kitundu kinatoa majimaji na kuchafua nguo, kinakauka, kisha panavimba tena. Daktari anasema ni fistula. Hiyo si ya wanawake?

Unayoisikia redioni ni fistula ya uzazi, jambo jingine kabisa. Yako ni kinjia kati ya kile kitezi cha ndani na ngozi ya nje. Baada ya jipu kupasuliwa, karibu theluthi hadi nusu ya wagonjwa hubaki nacho. Daktari hakukosea, wala pikipiki haikukuletea, wala si uchafu.

Tazama mzunguko wako. Mdomo wa nje unafunga nawe unafurahi, lakini mdomo wa ndani bado uko wazi na kinyesi kinapita juu yake kila siku. Usaha unajaa, panavimba na kupwita, panapasuka, unapata nafuu. Ndiyo maana mafuta na dawa za kunywa hazikufikishi mwisho. Akikupima, daktari huweza kusikia kwa kidole kama kamba ngumu chini ya ngozi, kutoka kwenye kitundu kuelekea ndani. Ikiwa kinjia kimepita chini na kugusa misuli kidogo tu, hukipasua urefu wake wote na kukiacha wazi kijae nyama kuanzia chini. Hesabu wiki kadhaa za kukalia beseni la maji ya uvuguvugu baada ya choo.

Ukiwa na vitundu vingi, au kikohozi na kupungua uzito, omba kipande cha nyama kipimwe kifua kikuu. Huwa kinasahaulika.

Mimi nimeambiwa nitawekewa uzi. Kwa nini wasikate mara moja? Naogopa nisije nikashindwa kuzuia choo.

Hofu hiyo ndiyo sababu ya uzi. Kinjia chako yaelekea kinapita kwenye sehemu kubwa ya misuli ya kubana. Wakiikata yote kwa mpigo, utavujisha upepo au choo. Uzi hupitishwa kinjiani na kufungwa kitanzi kilicholegea, usaha uendelee kutoka na jipu jipya lisijifunge. Unaweza kukaa nao miezi, ukioga na kufanya kazi kama kawaida. Majimaji kidogo yataendelea, usishtuke. Kisha hufuata upasuaji wa pili, wa kuziba mdomo wa ndani bila kukata misuli. Ugonjwa unaweza kurudi hata hapo. Kabla ya kusaini fomu, muulize daktari wako kinjia kimechukua misuli kiasi gani, na kama kuna haja ya picha ya MRI.

Changu hakiumi. Nikiacha?

Kwa mtu mzima ni nadra sana kufunga chenyewe. Kinaweza kutulia miezi, kisha kikaleta jipu jingine au kikachimba tawi jipya, na penye matawi upasuaji huwa mgumu zaidi. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alijaribiwa tiba za kila aina kwa ugonjwa huu, na Novemba 1686 akaishia kukatwa, tena bila ganzi. Wewe ganzi unayo.